Kutoa Jedwali la Bajeti kwenye Slaidi za Mradi na Kuligeuza Mchanganuo wa Gharama

Jedwali la bajeti lililo kwenye slaidi halina fomula hata moja. PowerPoint haizidishi wala haijumlishi, na kila namba inayoonekana humo ama iliandikwa kwa mkono au ilinakiliwa kutoka mahali pengine ambapo huenda pamekwisha kubadilika. Kwa sababu hiyo, anayepewa kazi ya kutoa mchanganuo wa gharama kutoka kwenye wasilisho la mradi ana kazi mbili: kuhamisha namba kama zilivyo, kisha kuzikokotoa upya kuanzia idadi na bei ili aone kama jumla zilizochapwa zinasimama. Kazi hizi zisichanganywe, kwa maana anayesahihisha huku ananakili hawezi tena kumwonyesha mtu yeyote slaidi ilisema nini.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mfano ni wa kutungwa, lakini makosa yaliyomo ni ya kila siku kwa mtu anayepitia maandiko ya miradi. Kikundi cha wakulima wa mwani wa pwani ya kaskazini ya Tanga, upande wa Mkinga, kinaomba fedha za vichanja vya kukaushia na banda la kuhifadhia mwani ili mvua za masika zisiendelee kuwaharibia mavuno. Wasilisho lao lina slaidi 14. Slaidi ya 3 inasema kwa herufi kubwa kwamba gharama ya mradi ni shilingi milioni 87. Slaidi ya 9 ina jedwali la bajeti. Slaidi ya 10 ina makadirio ya fundi ya kujenga banda. Na slaidi ya 11 ina chati ya duara inayoonyesha mgawanyo wa gharama kwa asilimia.

Kwanza, kujua kilichomo kabla ya kunakili

Omba faili lenyewe la `.pptx`, wala usiridhike na nakala ya PDF au picha zilizotumwa kwenye simu. Ukilifungua, pitia slaidi zote upande wa kushoto na uangalie kama kuna namba ya slaidi iliyokatwa kwa mstari, kwa kuwa hiyo ni alama ya slaidi iliyofichwa, na slaidi iliyofichwa mara nyingi ndiyo yenye toleo la zamani la bajeti. Kisha fungua sehemu ya `Notes` chini ya kila slaidi yenye fedha. Katika mfano wetu hakuna slaidi iliyofichwa, lakini chini ya slaidi ya 9 kuna sentensi moja: "Nguvu kazi ya wanakikundi, siku 400 kwa sh. 15,000, haimo kwenye jedwali." Iandike pembeni, maana tutaihitaji baadaye.

Hatua inayofuata ni kutambua jedwali ni la aina gani. Bofya mara moja katikati ya namba yoyote. Kishale cha kuandikia kikitokea ndani ya seli, hilo ni jedwali halisi la PowerPoint, na linaweza kunakiliwa. Zikitokea alama za pembeni tu na namba isiguswe, huenda ni picha. Bofya mara mbili: likifunguka kama karatasi ya Excel ndani ya slaidi, basi ni karatasi iliyopachikwa, na hapo una bahati kwa sababu fomula zake huenda bado zipo; lakini kagua karatasi zake zote, kwani kinachopachikwa ni kitabu kizima, pamoja na kurasa ambazo mwenye mradi hakukusudia uzione. Hapa kwetu, slaidi ya 9 ni jedwali halisi na slaidi ya 10 ni picha.

Pili, kuhamisha namba bila kuzigusa

Chagua jedwali lote la slaidi ya 9, linakili, kisha nenda kwenye kitabu kipya cha Excel, katika karatasi utakayoiita `Asili`, na ubandike kwa kuchagua `Match Destination Formatting` ili rangi na maandishi mapana ya slaidi yasikufuate. Vichwa vilivyounganishwa seli mbili au tatu vitaacha seli tupu, nazo zirekebishwe mara moja kabla ya kuendelea. Matokeo yawe hivi, huku safu A hadi E zikibeba namba ya slaidi, kipengele, idadi, bei na jumla. Kama slaidi inavyoeleza kwenye kona yake ya juu, kwa maandishi madogo yanayopitwa kwa urahisi, fedha zote ni kwa maelfu ya shilingi.

| Slaidi | Kipengele | Idadi | Bei | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| 9 | Vichanja vya kukaushia | 24 | 850 | 20,400 |
| 9 | Banda la kuhifadhia | 1 | 26,800 | 26,800 |
| 9 | Kamba na taitai (seti) | 60 | 145 | 7,800 |
| 9 | Mashua ya kubebea mwani | 2 | 4,600 | 9,200 |
| 9 | Mafunzo (awamu) | 3 | 2,450 | 7,350 |
| 9 | Usafiri na ufuatiliaji (miezi) | 12 | 380 | 4,560 |
| 9 | Jumla ndogo | | | 77,010 |
| 9 | Dharura 5% | | | 3,851 |
| 9 | Jumla kuu | | | 80,861 |

Huenda jicho lako limekwisha kuona tatizo kwenye mstari wa kamba. Liache kwanza.

Kinachopaswa kukushughulisha katika hatua hii ni kama Excel imezipokea namba kama namba. Namba iliyobandikwa ikiwa na nafasi isiyoonekana au herufi za "TZS" huhesabiwa kuwa maandishi, na `SUM` huyaruka maandishi bila kutoa onyo lolote, hivyo jumla hupungua kimyakimya. Dalili ni namba kusimama upande wa kushoto wa seli wakati wenzake wako kulia, ingawa mpangilio wa seli unaweza kuificha dalili hiyo. Kipimo cha uhakika ni fomula ya kwanza kati ya hizi mbili, inayopaswa kujibu `TRUE`. Ya pili huisafisha namba iliyokwama:

```
=ISNUMBER(E4)
=NUMBERVALUE(SUBSTITUTE(E4,UNICHAR(160),""),".",",")
```

Herufi za fedha zifute kwanza kwa `Find and Replace`, la sivyo fomula ya pili itatoa kosa. Hatari nyingine ni kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa nchi ambako koma hutenganisha desimali. Kompyuta ya namna hiyo itaisoma 20,400 kuwa ishirini na nukta nne, itajibu `TRUE`, na haitalalamika. Kwa hiyo linganisha namba mbili tatu kwa ukubwa wake na slaidi kabla ya kusonga mbele. Kompyuta hizo hudai pia nukta-mkato badala ya koma ndani ya fomula, na ukiona hivyo ujue tatizo liko wapi.

Picha ya slaidi ya 10 ina mistari michache, na kwa maoni yangu mistari michache huandikwa kwa mkono haraka kuliko kutafuta njia ya kuisomesha kompyuta. Ikuze slaidi hadi tarakimu ziwe wazi, mtu mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike, kisha mwandishi arudie kusoma alichoandika huku msomaji akifuata kwenye picha. Makadirio haya yako kwa shilingi kamili wala si kwa maelfu: msingi na sakafu 7,250,000, kuta 6,900,000, paa 6,480,000, milango na madirisha 1,970,000, ufundi 4,200,000. Chini yake kuna jumla ya 26,800,000, halafu mstari ulioandikwa "VAT 18%" wenye 4,824,000, na mwisho 31,624,000. Jumlisha ulichoandika; mistari mitano ikifika 26,800,000, una sababu nzuri ya kuamini kwamba hakuna tarakimu uliyoisoma vibaya. Yaweke haya kwenye karatasi ya pekee, `Banda`.

Tatu, kujenga mchanganuo

Karatasi ya tatu iitwe `Mchanganuo`. Hapa usiandike namba hata moja ya slaidi kwa mkono. Kila kitu kivutwe kutoka `Asili` na kugeuzwa kuwa shilingi kamili. Safu D ni idadi, E ni bei, F ni jumla unayoikokotoa wewe, G ni jumla ya slaidi, H ni tofauti, na I ni maelezo. Mstari wa pili wa karatasi, yaani vichanja, unakuwa hivi:

```
D2: =Asili!C2
E2: =Asili!D2*1000
F2: =D2*E2
G2: =Asili!E2*1000
H2: =F2-G2
```

Shusha fomula hizo hadi mstari wa 7. Mistari mitatu ya chini ina fomula zake, na kwenye safu G unaendelea kuvuta kilichochapwa kwenye slaidi, huku safu H ikiendelea kutoa tofauti:

```
F8: =SUM(F2:F7)
F9: =F8*5%
F10: =F8+F9
G12: =SUM(G2:G7)
```

Seli ya G12 ndiyo ambayo wengi huisahau. Inajumlisha mistari ya slaidi kama ilivyochapwa, makosa yakiwa ndani yake, na inakupa jumla ya tatu ya kulinganisha. Sasa una jumla ndogo iliyochapwa, jumla ya mistari iliyochapwa, na jumla uliyoikokotoa kutoka idadi na bei. Kwa kuzitazama zote tatu utajua kosa liko kwenye mstari au kwenye jumla.

Nne, kusoma tofauti

Katika mfano wetu F8 inatoa 77,010,000, sawasawa na slaidi. Mtu mwenye haraka angefunga kitabu hapo. Lakini G12 inatoa 76,110,000, pungufu kwa 900,000, na safu H inaonyesha tofauti hiyo yote kwenye mstari wa kamba na taitai, ambako 60 kwa 145,000 ni 8,700,000 ilhali slaidi inasema 7,800,000. Maana yake ni kwamba jumla ndogo ilikokotolewa mahali pengine ikiwa sahihi, kisha mstari mmoja ukakosewa wakati wa kuuandika kwenye slaidi. Wahasibu wanaijua alama yake: tarakimu mbili zinazofuatana zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 bila baki, na 900,000 inagawanyika hivyo. Alama hiyo peke yake haithibitishi, kwa sababu tofauti nyingine nyingi nazo hugawanyika kwa 9, lakini inakuambia utazame wapi kwanza. Tofauti ikilingana na mstari mzima, shuku mstari uliorukwa au uliohesabiwa mara mbili.

Huna budi kupata shahidi wa pili kabla ya kuamua kwamba 8,700 ndiyo sahihi, maana ingewezekana pia kwamba idadi au bei ndiyo iliyokosewa. Shahidi yupo kwenye slaidi ya 11. Chati ya duara inaipa kamba asilimia 11. Ukigawa 8,700 kwa 77,010 unapata 11.3, inayofupishwa kuwa 11. Ukigawa 7,800 unapata 10.1, ambayo ingeandikwa 10. Bofya chati kwa kitufe cha kulia na uchague `Edit Data`: ikiwa chati ilitengenezwa ndani ya PowerPoint, karatasi ndogo itafunguka ikiwa na namba zake halisi, na hapa inaonyesha 8,700. Ikiwa chati iliunganishwa na faili lililobaki kwenye kompyuta ya mwenzako, PowerPoint itasema haioni faili hilo, nawe utabaki na asilimia tu.

Mistari ya dharura na jumla kuu inaonyesha tofauti ya shilingi 500 kila mmoja. Asilimia 5 ya 77,010,000 ni 3,850,500, nayo slaidi ya maelfu haina pa kuiweka nusu hiyo ila kuipandisha kuwa 3,851. Namba moja iliyofupishwa kwa maelfu haiwezi kupotoka kwa zaidi ya 500, kwa hiyo tofauti hizi andika kwenye safu I "ufupisho" na uendelee. Angalia tu usiupanue msamaha huo. Jumla ya namba nyingi zilizofupishwa kila moja inaweza kupotoka zaidi, lakini hesabu kiwango chake: mistari sita, kila mmoja 500, ni 3,000 kwa ukubwa wote, na 500 za jumla yenyewe. Tofauti ya 900,000 haina jinsi ya kuitwa ufupisho.

Kisha milioni 87 za slaidi ya 3. Kati yake na 80,861,000 kuna zaidi ya milioni sita, na hapa ndipo ile sentensi ya `Notes` inapofaa: siku 400 kwa 15,000 ni 6,000,000, na ukiijumlisha unapata 86,861,000, ambayo kwa mamilioni ni 87. Kwa hiyo slaidi ya 3 haikukosea hesabu. Imetaja thamani ya mradi pamoja na mchango wa nguvu kazi, wakati slaidi ya 9 inataja fedha taslimu zinazoombwa. Mchanganuo wako uwe na mstari wa pekee wa nguvu kazi, chini ya jumla kuu, ulioandikwa wazi kwamba si fedha. Kuichanganya na mistari ya juu kungefanya dharura ya asilimia 5 ihesabiwe juu ya jasho la watu, jambo ambalo mtoa fedha makini atalikataa.

Tano, jumla inayolingana na bado imepungua

Hadi hapa kila namba imepata maelezo, na bado bajeti haitoshi. Mstari wa banda kwenye slaidi ya 9 ni 26,800, safu H inataka sifuri, na sifuri ndiyo inayopatikana. Lakini karatasi ya `Banda` inaonyesha kwamba 26,800,000 ni bei kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, na atakacholipwa mjenzi ni 31,624,000. Kiasi kilichoachwa, 4,824,000, ni kikubwa kuliko fungu lote la dharura. Ulinganisho wa jumla na slaidi usingelionyesha kosa hili hata ungerudiwa mara ngapi, kwa kuwa slaidi yenyewe inakubaliana na nafsi yake. Linaonekana tu pale mstari wa jedwali unapolinganishwa na waraka uliouzaa. Ndiyo maana kila mstari wenye makadirio, ankara kifani au barua ya bei uwe na seli inayovuta namba kutoka kwenye waraka huo.

Usikimbilie kuzidisha kila mstari kwa 1.18. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, lakini anayeruhusiwa kutoza ni mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi hiyo, na zipo bidhaa zenye msamaha, baadhi ya pembejeo zikiwamo. Mashua inayochongwa na fundi wa kijijini huenda haina kodi hiyo kabisa. Kwa kuwa kikundi chenyewe hakijasajiliwa, hakina njia ya kuirejesha kodi inayotozwa, hivyo inayohusika na banda ni gharama kamili ya mradi. Kwa mistari mingine, ambayo wasilisho halina hati zake, jibu linapaswa kutoka kwa mwenye mradi.

Mwandikie ujumbe mmoja wenye maswali yote, kila swali likitaja slaidi na namba, bila kumwambia kwamba amekosea:

"Ndugu Katibu, habari za kazi. Naomba msaada wako kwa mambo matatu. Slaidi ya 9, kamba na taitai: seti 60 kwa 145 ni 8,700, jedwali lina 7,800, ipi ifuatwe? Slaidi ya 9 na ya 10, banda: je, bei iwe 26,800 au 31,624 yenye kodi? Mashua, vichanja na kamba: bei hizo ni pamoja na kodi, na kuna ankara kifani za kuambatisha?"

Sita, kurudisha majibu

Tuseme Katibu anajibu kwamba kamba ni 8,700, banda ni pamoja na kodi, na bei nyingine ni za mwisho. Usiifute karatasi ya `Asili`. Kwenye `Mchanganuo` ongeza safu J, "Kilichokubaliwa", na kwenye safu I andika nani alijibu na tarehe ya jibu. Jumla ndogo mpya ni 81,834,000, dharura ni 4,091,700, na jumla kuu ni 85,925,700. Ipime kwa njia ya pili: nyongeza ya 4,824,000 pamoja na dharura yake ya asilimia 5 ni 5,065,200, na ukiiongeza kwenye 80,860,500 ya mwanzo unafika palepale. Kosa la kamba halikuongeza chochote, kwa kuwa jumla ndogo ya slaidi ilikuwa imekwisha kuibeba 8,700.

Slaidi tatu zinabadilika, na hakuna inayoivuta nyingine, kwa hiyo kila moja iguswe kwa mkono. Slaidi ya 9 inachukua namba mpya. Slaidi ya 3, ukiongeza nguvu kazi, inakuwa 91,925,700, yaani milioni 92, na iandikwe "ikiwa ni pamoja na nguvu kazi ya wanakikundi". Data ya chati ya slaidi ya 11 nayo ibadilishwe ndani ya `Edit Data`. Hapo utakuta asilimia mpya, kuanzia vichanja, ni 25, 39, 11, 11, 9 na 6, ambazo jumla yake ni 101. Ukitumia desimali moja zinafika 99.9. Usipunguze banda au kuongeza usafiri ili ipatikane 100, kwani atakayegawa namba za slaidi ya 9 ataona asilimia isiyo ya kweli; acha desimali moja na uandike chini ya chati kwamba jumla haifiki 100 kwa sababu ya ufupisho.